Viza ya Schengen imechelewa: hesabu siku kwanza, ndipo uandike

Viza fupi ya Schengen, ile ya kukaa Ulaya siku zisizozidi 90, ina muda wake uliopangwa na sheria. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, Namba 810 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 23, inaupa ubalozi siku 15 za kalenda kutoa uamuzi. Ombi likihitaji kuchunguzwa zaidi, muda huo unaweza kuongezwa hadi siku 45. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo ndani ya hesabu. Ukikuta mtu anataja siku 30 na 60, ujue anasoma kanuni ya zamani, maana hesabu hiyo ilibadilishwa kuanzia Februari 2020.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kupiga simu ni moja: leo ni siku ya ngapi? Ajabu ni kwamba wengi wanaolalamika kucheleweshwa hawawezi kulijibu, au wanalijibu kwa tarehe isiyo yake.

Siku ya kwanza ni ipi

Ombi la viza huwa na tarehe nyingi. Kuna siku uliyojaza fomu mtandaoni, siku uliyoweka miadi, siku uliyofika na bahasha yako kwenye kituo cha maombi, yaani kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi, na siku kituo kilipopeleka faili ubalozini. Kinachohesabika kisheria ni kuwasilisha ombi linalokubalika, na kifungu cha 19 kinaeleza maana yake: fomu iliyojazwa na kutiwa saini, pasipoti, picha, alama za vidole, na ada iliyolipwa. Kwa mwombaji wa kawaida hayo yote hukamilika siku moja, ile aliyokaa mbele ya dirisha la kituo akaweka vidole kwenye kioo. Tarehe hiyo iko kwenye risiti. Siku yenyewe haihesabiwi. Siku ya 1 ni kesho yake.

Waliowahi kutoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita huweza kuambiwa zile za zamani zitanakiliwa. Hao nao waangalie risiti ya malipo, wala wasishike tarehe ya fomu.

Angalia jambo moja hapa. Barua ya mwaliko, taarifa ya benki, bima na barua ya mwajiri hazimo kwenye orodha ile fupi ya kifungu cha 19. Ukikosa mojawapo, ombi linapokelewa na siku zinaanza kuhesabiwa, lakini ndipo ubalozi unapopata sababu ya kutoka siku 15 kwenda 45. Ucheleweshaji mwingi huzaliwa hapo.

Dalili: ukurasa wa kufuatilia unasema hakuna ombi kama hilo

Mara nyingi ombi lipo, ila umeingiza namba nyingine. Mwombaji mmoja anaweza kuwa na namba nne mkononi: ya fomu ya mtandaoni, ya miadi, ya muamala wa malipo, na ya ombi lenyewe. Mtandao wa kituo unataka hii ya mwisho, ile iliyochapwa kwenye risiti uliyopewa siku ya vidole, mara nyingi karibu na mistari ya msimbo. Ukiiandika kwa mkono kwenye karatasi nyingine, sifuri hugeuka herufi O na moja hugeuka I. Iandike ukiitazama risiti yenyewe, na usiruke mkwaju wala kistari kama vimo.

Kosa la pili ni jina, na hili linatusumbua sana sisi wa majina matatu. Mtandao ukiomba jina la ukoo, mtu anaandika la baba, au la babu, au yote mawili. Wasiwasi huo unamalizwa na mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti. Kwenye mstari wa juu tafuta `TZA`, au `KEN` kama pasipoti ni ya Kenya. Herufi zinazofuata hapo hadi kwenye alama `<<` ndizo jina la ukoo kama mashine inavyolisoma, na yaliyo baada ya `<<` ni majina mengine. Andika hivyo hivyo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita kwa mpangilio huo. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kwenye ukurasa wa kufuatilia, kwa kawaida huanza na siku, kisha mwezi.

Ukishasahihisha hayo na bado ukurasa unakataa, hapo ndipo pa kurudi kituoni. Kituo ndicho kilichotoa namba, kwa hiyo ndicho kinachoweza kuirekebisha. Ubalozi hauna la kukusaidia kwenye ukurasa usio wake.

Dalili: ni siku ya 9, ujumbe haubadiliki

Hii si dalili ya chochote. Faili likiwa mezani kwa ofisa ujumbe hubaki uleule mpaka pasipoti itakaporudi, na hapo katikati hakuna hatua nyingine ya kukuonyesha. Kuuliza kabla ya siku ya 15 huleta jibu lilelile la kunakili, la kwamba ombi linashughulikiwa. Isipokuwa kama una dharura ya kweli: mgonjwa, msiba, matibabu. Kanuni inataka dharura iliyothibitishwa iamuliwe bila kuchelewa, kwa hiyo andika na uambatanishe uthibitisho, kama barua ya hospitali au cheti cha kifo. Tiketi uliyonunua mapema kwa bei nafuu haiingii humo, hata ikiwa hairudishwi fedha.

Dalili: siku ya 15 imepita, kimya

Hapa pana sababu tatu zinazojirudia, na moja imezizidi nyingine zote.

Sababu hiyo kubwa ni kwamba ubalozi umekuandikia, nawe hujaona. Fomu ilijazwa na wakala, na wakala akaweka baruapepe yake na namba yake ya simu, ama kwa mazoea, ama ili usimkwepe kwenye malipo. Ofisa anapotaka karatasi anaandika kwenye anwani iliyomo ndani ya fomu. Wakala ana wateja wengi, ujumbe unazama, na ubalozi unangoja. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza popote, toa nakala ya fomu uliyotia saini usome kisanduku cha baruapepe na cha simu. Anwani ikiwa ni yako, pekua hadi kwenye folda ya barua taka. Pitia na simu zilizokupita kutoka namba za mezani usizozijua, maana maofisa wengine hupiga kumhoji mwombaji kwa dakika chache tu.

Sababu ya pili ni mashauriano. Nchi za Schengen zina haki ya kutaka ziulizwe kabla raia wa mataifa fulani hawajapewa viza, na orodha ya mataifa hayo huwekwa hadharani na Kamisheni ya Ulaya. Nchi inayoulizwa hupewa siku 7 za kalenda. Ikinyamaza, huhesabiwa haina pingamizi. Ndiyo maana watu wawili walioomba pamoja jijini Nairobi, safari moja, hoteli moja, lakini pasipoti za nchi tofauti, huweza kujibiwa kwa wiki tofauti. Hili halina dawa kwa upande wako zaidi ya kulijua.

Sababu ya tatu ni uhakiki: ofisa anapiga simu benki, au anamwandikia mwajiri kuuliza kama kweli upo kazini. Waambie ofisini mapema. Mhasibu anayejibu simu ya ubalozini kwa kusema "huyo simfahamu, labda yupo idara nyingine" amekuongezea wiki bila kujua.

Nani ajibu nini

Kituo cha maombi, hata kikiwa kimebandikwa bendera ya nchi mlangoni, ni kampuni iliyopewa kazi ya kupokea. Kanuni inasema wazi kwamba kuchunguza ombi, kutoa uamuzi, kuchapa na kubandika stika ya viza ni kazi ya ubalozi peke yake. Hivyo mhudumu wa kituo anaweza kukwambia lini faili liliondoka na kama limerudi. Akikwambia utapata au utanyimwa, anabahatisha. Na kama kuna anayekupigia akisema yuko ubalozini, na faili litasogea ukituma kitu kwa M-Pesa, kata simu.

Pia usidhani ofisi inayoamua lazima iwe jijini kwako. Baadhi ya nchi hukusanya maombi ya Afrika Mashariki kwenye ubalozi mmoja, nyingine huyapeleka makao makuu Ulaya. Ukurasa wa viza wa nchi husika hutaja anwani ya kuuliza, tumia hiyo. Baruapepe ya jumla ya ubalozi humfikia mtu wa mapokezi, naye ataisambaza atakapopata nafasi.

Mwenyeji wako wa Ulaya akipiga simu kwa niaba yako, kwa kawaida atajibiwa kwamba habari za mwombaji hazitolewi kwa mtu mwingine. Mkitaka aulize yeye, mpe barua fupi ya ruhusa uliyoitia saini, pamoja na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mwalimu wa Morogoro aliyealikwa kwenye warsha ya wiki moja inayoanza 15 Juni 2026. Fomu alijaziwa na wakala tarehe 10 Aprili. Alifika kituoni Dar es Salaam Jumatatu tarehe 4 Mei, akatoa vidole, akalipa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na juu yake huja malipo ya huduma ya kituo. Risiti yake ina namba na tarehe 4 Mei.

Siku ya 15 kwake ni 19 Mei. Siku ya 45 ni 18 Juni, na hiyo ni baada ya warsha kuanza. Kwa hiyo hata ubalozi ukitumia muda wake wote bila kuvunja kanuni, safari inaweza kumpita. Hilo angeliona siku alipopata miadi. Ombi linaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na mabaharia walio kazini wana miezi 9. Zile siku 15 kabla ya safari, ambazo watu huzichukua kama ushauri, kwa kawaida ni mwisho wa kupokelewa.

Tarehe 27 Mei, hajasikia kitu, anaandika kwa hasira: nimengoja siku 47, mmevunja sheria. Amehesabu kutoka 10 Aprili. Ofisa anafungua faili, anaona 4 Mei, anaona siku 23, na anamjibu kwa sentensi moja ya kunakili. Hajaonewa. Ametaja tarehe ambayo ofisa haioni popote kama tarehe ya kuwasilisha, na madai yake yote yakaanguka nayo.

Jioni ile anasoma nakala ya fomu na kukuta baruapepe ya wakala. Anampigia, wakala anapekua, na kumbe tarehe 12 Mei ubalozi uliomba barua ya mwajiri inayoonyesha likizo na tarehe ya kurudi kazini. Sasa ana jambo la kuandika. Ujumbe anaotuma 28 Mei unafanana na huu. Wewe uandike kwa lugha ambayo ubalozi unaitumia, Kiingereza au Kifaransa mara nyingi. Hapa naweka kwa Kiswahili ili muundo uonekane.

> Kichwa: Viza fupi, namba ya ombi (kama ilivyo kwenye risiti), liliwasilishwa 4 Mei 2026 – jina la ukoo, majina mengine
>
> Kwa ofisa wa viza,
>
> Niliwasilisha ombi la viza fupi kwenye kituo cha Dar es Salaam tarehe 4 Mei 2026. Namba ya ombi na namba ya pasipoti ni hizi: …
>
> Tarehe 12 Mei mliniomba barua ya mwajiri. Ujumbe huo ulikwenda kwenye anwani ya aliyenisaidia kujaza fomu, nami nimeuona jana. Barua hiyo naiambatanisha, pamoja na risiti ya kituo.
>
> Tafadhali wasilianeni nami kuanzia sasa kwa anwani hii na simu hii: …
>
> Safari ni tarehe 14 Juni. Naomba kujua kama kuna karatasi nyingine inayohitajika.
>
> Wenu,
> (jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti)

Ona alichokiweka kwenye kichwa. Ofisa anayefungua sanduku lenye barua mia hutafuta faili kwa namba, na akikosa namba hutafuta kwa jina na tarehe. Vyote vitatu vikiwa kwenye kichwa, faili hufunguka kabla barua haijasomwa. Ona pia kwamba swali ni moja, tena linajibika. "Viza yangu itatoka lini" halina jibu ambalo ofisa anaruhusiwa kukupa, "kuna karatasi inayohitajika?" linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Kiambatisho ni faili moja la PDF lenye jina la mwombaji, wala si picha sita za simu zilizopigwa kitandani.

Baada ya hapo aache siku tano za kazi zipite. Akiandika tena, ajibu juu ya ujumbe uleule, asianze mpya, ili mtiririko ubaki pamoja. Kutuma kutoka anwani tatu, kumwambia na shemeji naye atume, kunazalisha mafaili madogo matatu ambayo mtu lazima ayaunganishe.

Dalili: tarehe ya safari imefika au imepita

Usikae kimya ukitumaini watabandika tu. Stika hutolewa kwa kufuata tarehe ulizoomba, na kawaida huongezwa siku 15 za ziada kwenye muda wa kuitumia. Safari ikipita, ofisa anaweza kuona sababu ya kwenda haipo tena. Waandikie, namba na tarehe vilevile juu, uulize kama watapokea tarehe mpya. Ukiuliza hivyo uwe tayari na vitu viwili: barua mpya ya mwenyeji inayotaja tarehe hizo, na bima iliyosogezwa. Bima ikiwa ya tarehe za zamani utaombwa tena, na bado lazima ifike yuro 30,000.

Ukiona haina maana tena, au unahitaji pasipoti kwa safari nyingine, unaweza kuliondoa ombi kwa maandishi. Ada usiitegemee kurudi. Baadhi ya balozi huwa tayari kukuazima pasipoti huku ombi likiendelea, nyingine huchukulia kuiomba ni kujiondoa. Uliza hilo kwa maneno hayo hayo kabla ya kutuma mtu kuichukua.

Dalili: siku ya 45 imepita

Sasa, na si kabla, una haki ya kutaja kanuni. Andika ofisi ileile ya viza, ujumbe mfupi: namba, tarehe ya kuwasilisha, tarehe ambayo siku ya 45 ilitimia, na kifungu cha 23. Omba uamuzi, au maelezo ya maandishi ya kilichozuia. Weka ujumbe wako wa awali na jibu ulilopata. Wiki ikipita bila jibu, peleka malalamiko kwenye wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kwa njia inayotajwa kwenye ukurasa wake. Usipoteze muda kuiandikia Kamisheni ya Ulaya kuhusu faili lako. Haiingilii uamuzi wa ombi la mtu mmoja. Mahakama ipo kwa baadhi ya nchi. Kwa Ujerumani, mathalani, mtu asiyejibiwa kwa miezi mitatu bila sababu ya kutosha anaweza kufungua shauri kwenye mahakama ya utawala ya Berlin, lakini kwa warsha ya wiki moja gharama yake mimi siioni ikilipa.

Haya yote ni ya viza fupi. Aliyeomba viza ya kitaifa ya kusoma, kufanya kazi au kuungana na mwenzi asichukue siku 15 wala 45, maana huko kila nchi ina utaratibu wake, na sheria za Ulaya zinaweka ukomo mrefu zaidi: siku 90 kwa wanafunzi katika nchi nyingi za Umoja, na hadi miezi 9 kwa familia kuungana na mgeni anayeishi huko. Muundo wa ujumbe ni uleule, kinachobadilika ni siku ya kuanza kudai.

Dalili: ukurasa unasema pasipoti imerudi kituoni

Uamuzi umeshatoka, lakini ukurasa hauusemi, na mhudumu anayekukabidhi bahasha iliyofungwa kwa kawaida hajui kilichomo. Ifungue hapo hapo. Kama kuna stika, soma jina, namba ya pasipoti, tarehe za mwanzo na mwisho, idadi ya siku na idadi ya kuingia. Kosa la herufi likionekana ukiwa bado kituoni, ni rahisi zaidi kulirudisha ubalozini. Kama ni fomu ya kunyimwa, ina visanduku vilivyotiwa alama na sehemu inayoeleza wapi na ndani ya muda gani unaweza kupinga. Muda huo unapangwa na nchi iliyokataa na huanza kuhesabiwa tangu ulipopokea, kwa hiyo andika tarehe ya leo juu ya bahasha na uitunze.